Sarara, paja au bega? Kulinganisha nyama ya bucha kwa picha kabla ya kuagiza

Mabucha mengi ya Mombasa siku hizi hupokea oda kwa simu. Unauliza asubuhi kuna nini, unatumiwa picha ya meza yenye mapande sita saba, unachagua, na kabla ya adhuhuri bodaboda yuko mlangoni. Kwa mtu aliye Mtwapa au Likoni na hana nafasi ya kufika soko la Marikiti, ni msaada mkubwa. Lakini nyama ya pichani huwezi kuibonyeza kwa kidole, na mwenye bucha ana watu wanaomngoja mbele ya mizani. Ukimwuliza "hii ni nyama gani?" atakujibu "steki", na hajakudanganya, kwa maana haina mfupa. Ila hujajua bado kama imetoka mgongoni, pajani au begani, na hapo ndipo mishkaki inapokuwa migumu na mchuzi unapojaa vipande vikavu.

Nitalinganisha nyama ya ng'ombe inayochanganywa zaidi kwenye picha. Kwanza mapande matatu ya mnofu ambayo yote huuzwa kwa jina la fileti, halafu nyama za mfupa zinazogombaniwa na pilau, mchuzi na supu. Mbuzi nitampitia kwa maneno machache tu, kwa sababu mbuzi wetu ni wadogo na karibu kila pande la mwili wake laweza kwenda kwenye mchuzi likatoka salama.

Tazama weupe kabla ya wekundu

Jicho hukimbilia rangi nyekundu, na rangi nyekundu ndiyo isiyoaminika pichani. Taa za bucha nyingi zina wekundu, na simu nayo huongeza rangi. Isitoshe, nyama iliyokatwa dakika hii huwa na rangi ya zambarau iliyokoza, na ikikaa kwenye hewa kwa nusu saa hivi hugeuka nyekundu ya kung'aa. Pande lile lile laweza kuonekana nyama mbili tofauti kwenye picha mbili.

Weupe ndio unaosema kweli. Kuna weupe wa shahamu, ambao umefifia, una rangi ya maziwa au manjano, na hukaa kwa tabaka au kwa madoa. Ukiwa wa manjano usitishike: ng'ombe aliyelishwa majani huwa na shahamu ya manjano, na ng'ombe wetu wengi wanatoka malishoni. Halafu kuna weupe wa kano na utando, ambao humeta, una weupe wa fedha, na hupita kama mstari au hufunika upande mmoja wa nyama kama ngozi nyembamba.

Tofauti ya weupe huo wa aina mbili ndiyo inayochagua jiko. Shahamu huyeyuka kwa moto wowote. Kano na utando zimejengwa kwa protini iitwayo kolajeni, na kolajeni ikikutana na moto mkali wa ghafla hujikunja na kukaza. Iache ndani ya maji yanayotokota polepole kwa saa mbili tatu, itayeyuka iwe jelatini, ule ute unaonata midomoni unapokunywa supu iliyoiva. Nyuzi za mnofu zenyewe hufanya kinyume: kadiri zinavyokaa motoni ndivyo zinavyokamua maji yake na kukauka. Basi pande lenye kolajeni nyingi linataka muda, na jelatini yake hufidia ukavu wa nyuzi. Pande lisilo na kolajeni likichemshwa muda huo huo halina cha kulifidia.

Ng'ombe husimama na kutembea kwa miguu, huinamisha na kuinua shingo siku nzima, na uzito wa mbele hubebwa na mabega. Huko ndiko kolajeni iliko kwa wingi. Chini ya uti wa mgongo, upande wa ndani karibu na figo, nyama haina kazi kubwa. Huko ndiko sarara iliko.

Mapande matatu yanayoitwa fileti

Hebu tuingie kwenye picha. Mezani kuna mapande matatu ya mnofu, yote marefu kidogo, yote ya mviringo, yote hayana mfupa wala mafuta mengi. Ukiyatazama kwa haraka utasema ni kitu kimoja.

La kwanza ni sarara yenyewe. Umbo lake halilingani mwanzo na mwisho: upande mmoja ni mnene, kisha hupungua taratibu hadi kuwa mkia mwembamba. Nyuzi zake ni laini mno, hata kwenye picha nzuri huzioni vyema. Upande mmoja una utando wa kumeta, lakini utando huo uko juu tu, ukipitisha kisu chini yake unatoka wote. Kila ng'ombe ana sarara mbili, na kwa ng'ombe wetu wa kienyeji kila moja huwa baina ya kilo moja na mbili. Hesabu hii ni kipimo kizuri cha kuulizia: bucha iliyotundika ng'ombe mmoja haiwezi kukuuzia kilo sita za sarara.

La pili hutoka nyuma ya paja. Ni mnofu wa mviringo ambao unene wake ni ule ule kutoka ncha hadi ncha, bila mkia. Umepauka kuliko sarara, na ukikatwa katikati utaona rangi mbili kwenye uso mmoja, sehemu moja nyeupe-nyeupe na nyingine nyekundu zaidi. Nyuzi zake ni nene na zimejipanga kwa urefu, kwa hiyo uso uliokatwa huonyesha nukta nukta zinazoonekana wazi. Hili ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu likisafishwa linapendeza kuliko hata sarara.

La tatu hutoka begani, juu ya mfupa mpana wa bega. Ni fupi kuliko hayo mawili, lina umbo la pia, na kwa nje laweza kukupoteza kabisa. Dalili yake iko ndani: ukano mweupe unaopita katikati ya nyama. Huuoni mpaka likatwe.

Ndiyo maana, kama ni ombi moja tu utakalomwomba mwenye bucha, mwombe alikate katikati akutumie picha ya uso uliokatwa, si picha ya nje. Umbo la nje hurekebishwa kwa kisu. Uso wa ndani hauna pa kujificha: laini bila nukta ni sarara, nukta nene na rangi mbili ni paja, mstari mweupe wa katikati ni bega.

Sasa jikoni. Sarara inataka moto mkali na muda mfupi. Ikate vipande vya unene wa vidole viwili, kaango liwe limeshapata moto, dakika tatu kila upande, kisha iache itulie kidogo kabla ya kuikata. Kuiweka kwenye mchuzi ni kupoteza pesa, maana ndiyo nyama ghali kuliko zote mezani na baada ya saa moja ya kuchemka itakuwa imekauka kama vipande vya bei ya chini.

Mnofu wa bega ni kinyume chake, na mimi kwa mchuzi wa nazi sibadilishi na kitu kingine. Ukate vipande vya ukubwa wa ndimu, ukano wake usiutoe, uchemshe kwa moto mdogo na tangawizi na thomu kwa saa moja na nusu hadi mbili, na tui zito litie mwisho. Ule ukano wa katikati uliokuwa ukikutisha pichani utakuwa umegeuka ute, na mchuzi utakuwa na uzito ambao nyama ya paja haiwezi kuutoa.

Mnofu wa mviringo wa paja ndio mgumu kuupangia. Hauna kolajeni ya kutosha kuufaa mchuzi, wala haukulainika kiasi cha kuufaa moto mkali ukiwa pande nene. Unafaa kukatwa vipande vyembamba sana kwa kukingama na nyuzi, ukakaangwa haraka na vitunguu na pilipili mboga. Ukiupitisha kwanza kwenye friza kwa saa moja, ukawa mgumu kidogo bila kuganda, kisu kitakata vipande vyembamba bila kuteleza. Unafaa pia kusagwa kima cha sambusa, kwa sababu una mafuta machache na sambusa haivuji.

Mishkaki: kwa nini si sarara

Wengi wakitaka mishkaki ya kuwafurahisha wageni huagiza sarara. Kwa watu wanne watano, sawa. Kwa mkusanyiko, napendekeza paja la ndani, ambalo ni pande pana, bapa, lililo upande wa ndani wa mguu wa nyuma. Pichani utalijua kwa upana wake, kwa nyuzi ndefu zinazoelekea upande mmoja, na kwa kukosa mistari mingi myeupe. Ni laini kuliko ule mnofu wa mviringo wa nyuma, lina ladha nzito kuliko sarara, na linavumilia makaa.

Lakini paja la ndani haliendi kwenye makaa hivi hivi. Linataka papai bichi, na papai lina kipimo. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini za nyama. Kijiko kimoja cha mezani cha papai lililosagwa, pamoja na ganda lake, kinatosha kilo moja ya nyama, pamoja na ndimu, thomu, tangawizi, chumvi na bizari utakayo. Papaini haipenyi mbali ndani ya nyama, kwa hiyo vipande viwe vidogo, vya upana wa vidole viwili hivi, na vikatwe kwa kukingama na nyuzi. Saa moja hadi mbili zinatosha. Ukiiacha usiku kucha, juu itakuwa imelegea kama uji na katikati bado itakuwa nyama ya kawaida, na ukiichoma inadondoka kutoka kwenye kijiti. Hapo kosa halikuwa la nyama, na hakuna namna ya kuirudisha.

Kuna jambo lingine ambalo picha haiwezi kuonyesha kabisa, nalo ni saa ya kuchinjwa. Nyama yetu nyingi huchinjwa usiku au alfajiri na kuuzwa siku hiyo hiyo. Watu huipenda ikiwa mbichi hivyo, na kwa upande wa usafi ni jambo jema pasipo majokofu ya uhakika. Lakini misuli ya ng'ombe baada ya kuchinjwa hukakamaa, na ukakamavu huo hufikia kilele ndani ya siku ya kwanza, kisha huanza kulegea taratibu kwa siku kadhaa nyama ikiwa kwenye baridi. Nyama ya adhuhuri kwa hiyo iko karibu na wakati wake mgumu zaidi. Kwa mchuzi na supu haina neno, saa mbili za moto zitaimaliza. Kwa sarara na mishkaki inahesabika: ukiweza, agiza siku mbili kabla, uiweke kwenye friji, si kwenye friza. Kuitia friza nyama ambayo bado ina joto la mwili huzuia hatua hiyo, na siku ukiiyeyusha hujikunja na kuwa ngumu kuliko ulivyoinunua.

Kidari na mbavu kwenye pilau

Hapa najua nitapingwa. Nyumba nyingi huagiza steki kwa pilau kwa kuona kuwa nyama isiyo na mfupa ni heshima kwa wageni. Steki hiyo kwa kawaida huwa paja. Tazama kinachotokea: nyama ya pilau huchemshwa mpaka iive, kisha mchele hutiwa kwenye supu yake, kisha sufuria hufunikwa na kuwekwa makaa juu na chini. Nyama imepikwa mara mbili. Paja katika safari hiyo hubakia nyuzi tupu, zile zinazokwama menoni, na supu yake ni nyepesi, haina mafuta ya kuupa wali ladha.

Kidari kimeumbwa kwa kazi hii. Ni nyama ya kifuani, na pichani huwezi kuikosa: imepangika kwa tabaka, nyama, shahamu, nyama tena, na kwenye ukingo mmoja kuna mifupa bapa inayoishia kwenye gegedu nyeupe. Ikitokota saa moja na nusu hadi mbili, kolajeni ya tabaka zake huyeyuka na nyama hubaki na unyevu hata baada ya kufunikwa na mchele. Supu yake ina mafuta ya kutosha, wakati mwingine ya kuzidi. Ikizidi, iache supu itulie, uchote mafuta ya juu kwa upawa, uyatumie kukaangia vitunguu vya pilau hiyo hiyo.

Mbavu huchanganywa na kidari kwa sababu zote zina mifupa bapa na tabaka. Tofauti iko kwenye mfupa. Ubavu wa ng'ombe una mfupa mmoja mpana, mgumu, unaokwenda moja kwa moja, na nyama iko juu yake na baina yake. Kwenye kidari mifupa ni mifupi, imelainika na ina gegedu. Mbavu zina ladha nzuri sana, ila mfupa ni mwingi kwa kila kilo, na kwenye sinia la pilau mfupa mkubwa unachukua nafasi ya nyama. Mimi mbavu nazipeleka kwenye mchuzi mkavu wa vitunguu na nyanya, zikishachemshwa hadi mfupa unataka kuteleza, au zinachemshwa nusu kisha zinamaliziwa kwenye makaa. Mbavu za ng'ombe zikitiwa makaa moja kwa moja, zikiwa mbichi, hubabuka nje na ndani zikabaki za kutafunwa bila kwisha. Za mbuzi ndizo zinazoweza.

Ukiagiza kidari badala ya steki, kumbuka mfupa nao unapimwa. Pale ulipozoea kilo mbili za steki, agiza kilo mbili na nusu za kidari. Kwa kawaida bado utalipa pungufu, kwa kuwa nyama ya mfupa huuzwa chini ya steki.

Muundi, shingo na nundu

Muundi ni mguu wa chini, baina ya goti na kwato. Pichani una mfupa wa duara wenye uboho katikati, na nyama inayouzunguka imegawanywa na mistari mingi ya kumeta. Kwa jicho la mtu asiyejua ni nyama mbaya kuliko zote mezani. Kwa supu hakuna inayoufikia. Saa mbili na nusu hadi tatu kwenye moto mdogo, au kiasi cha dakika 50 kwenye presha, na mistari yote ile inakuwa ute. Mwombe akate mfupa kwa msumeno, si kwa shoka, ili supu isiwe na vipande vya mfupa vya kumwumiza mtoto.

Shingo hufanya kazi karibu na hiyo, na ni nzuri kwa mchuzi wa kulia chapati. Ina tatizo moja tu: nyuma yake kuna ukano mnene wa manjano, na ukano huo si kolajeni. Umejengwa kwa protini nyingine, elastini, na elastini haiyeyuki hata ukiichemsha kutwa. Ukiona pichani mkanda wa manjano uliokoza, mnene kama kamba, mwambie autoe kabla ya kupima.

Nundu haimo kwenye michoro ya nyama ya Ulaya inayosambazwa mitandaoni, kwa sababu ng'ombe wao hawana. Ng'ombe wetu, Boran na jamaa zake, wanayo. Ni pande lililojaa madoa ya shahamu ndani ya mnofu, la rangi ya kupauka, na hukosewa kwa kudhaniwa ni mafuta matupu. Chemsha kwa saa moja na nusu na chumvi na thomu, likate vipande, ulimalizie kwenye sigiri mpaka ukingo ukauke. Mafuta yake ni mengi, kwa hiyo kidogo kinatosha.

Kuhusu saa hizi zote za kuchemsha: hapa pwani tuko usawa wa bahari na maji huchemka kwa sentigredi 100. Nairobi, kwa ule urefu wake, maji huchemka kwenye karibu 94. Mwenye kufuata mapishi ya mtu wa bara ajue kuwa nyama yake itaiva mapema kidogo, aanze kuitazama kabla ya muda ulioandikwa.

Ukubwa ni wa kuuliza

Picha iliyopigwa karibu huufanya ubavu wa mbuzi uonekane wa ng'ombe. Mwombe mwenye bucha aweke mkono wake au jiwe la mizani kando ya nyama, hapo mfupa utajulikana. Na kama nyama ina nyuzi nene kupita kawaida, rangi imekoza na shahamu ni nyeupe sana, uliza kama ni ngamia, kwa kuwa Mombasa nyama ya ngamia inauzwa na ina wapenzi wake. Si mbaya hata kidogo, lakini kwa mishkaki inataka papai na uvumilivu zaidi, na ni afadhali ujue kabla.

Oda moja, kutoka picha hadi sufuria

Tuseme una wageni kumi na wawili Jumamosi jioni. Unataka supu ya kuanzia, pilau, na mishkaki pembeni. Alhamisi asubuhi unatumiwa picha. Kushoto kuna mnofu mrefu wa mviringo, msafi, umeandikiwa chini yake "fileti". Katikati kuna pande pana, bapa, lenye nyuzi ndefu. Kulia kuna nyama ya tabaka yenye mifupa mifupi, na nyuma yake mfupa mkubwa wa duara wenye kishimo katikati.

Anza na hiyo fileti. Unene wake ni sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna mkia. Hilo peke yake linatosha kuuliza. Unaandika: "Ami, hiyo ya kushoto nikatie katikati unionyeshe ndani." Picha ya pili inakuja: nukta nene, na nusu moja imepauka kuliko nyingine. Ni mnofu wa nyuma ya paja. Huenda hakukusudia kukuhadaa, kwani katika bucha nyingi kila mnofu wa mviringo huitwa hivyo. Ila hulipi bei ya sarara kwa paja.

Pande la katikati ni paja la ndani: bapa, nyuzi za upande mmoja, mistari myeupe michache. Hilo ndilo la mishkaki, na kwa kuwa ni Alhamisi litapata siku mbili za friji. Kilo mbili zinatosha, kwa maana mishkaki si chakula pekee. Jumamosi saa nane mchana unalikata na kulitia papai vijiko viwili vya mezani, na saa kumi linaingia kwenye vijiti.

Ya tabaka ni kidari, thibitisha kwa kutafuta gegedu kwenye ukingo. Kwa mchele wa kilo moja na nusu, kilo mbili na nusu za kidari zinajaza sinia. Kinaanza kuchemka Jumamosi saa saba ili kiwe kimelainika kufikia saa tisa, na supu yake ipate kutulia uchote mafuta. Ujue kimeiva pale uma unapoingia kwenye tabaka bila kusukumwa na nyama haijaanza kuachana. Ikiwa imeshaanza kuachana, punguza muda wa makaa ya juu, la sivyo itapotelea ndani ya wali.

Mfupa wa duara ni muundi. Kilo moja na nusu, imekatwa kwa msumeno vipande vya unene wa vidole vitatu, inawekwa jikoni asubuhi na kusahauliwa mpaka adhuhuri kwa moto mdogo, na ndimu inakamuliwa mezani, si kwenye sufuria.

Ujumbe wa mwisho kwa mwenye bucha basi unakuwa hivi: "Ami, ile ya kushoto iache. Nipe paja la ndani kilo mbili, pande zima, usinikatie. Kidari chenye gegedu kilo mbili na nusu, vipande vya kiganja. Muundi kilo moja na nusu, kwa msumeno. Kila moja mfuko wake, na uniandikie bei ya kila moja mbalimbali."